Maswali Mawili Yanatosha: Jinsi Fasili ya Usiri Ilivyopatikana

Mwezi Mei 1942, huko Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, wavunja simbo wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wakibishana na wakubwa wao kuhusu herufi mbili: AF. Chini ya uongozi wa Joseph Rochefort walikuwa wamefika mahali pa kuweza kusoma sehemu za ujumbe wa jeshi la majini la Japani, na walijua kwamba shambulio kubwa linaandaliwa dhidi ya mahali panapoitwa AF. Rochefort aliamini kuwa AF ni kisiwa cha Midway, lakini Washington wapo waliokuwa na shaka. Ndipo mwenzake, Jasper Holmes, alipotoa shauri. Midway iliagizwa kwa waya wa chini ya bahari, ambao Wajapani hawakuweza kuusikiliza, itangaze kwa redio na kwa lugha ya wazi kwamba mtambo wake wa maji baridi umeharibika. Muda mfupi baadaye Wajapani walituma taarifa kwa simbo yao wenyewe: AF ina upungufu wa maji. Ubishi uliisha. Tarehe 4 Juni meli za Marekani zilikuwa zinangoja, na katika vita hivyo Japani ilipoteza meli zake nne kubwa za kubebea ndege.

Tukio hilo husimuliwa kama kisa cha ujanja wa kivita, na ni kweli ni ujanja. Lakini mwanafunzi wa usimbaji akilitazama kwa makini ataona mambo matatu ambayo hayamo katika picha ya kawaida ya mtu anayevunja siri. Kwanza, adui wa simbo, ambaye hapa ni Mmarekani, hakungoja simbo zimfikie tu. Alimfanya mwenye ufunguo asimbe jambo ambalo yeye adui ndiye aliyelichagua. Pili, hakuhitaji kuupata ufunguo. Ilimtosha kulinganisha alama aliyoiona jana na alama aliyoiona leo. Tatu, swali lake lilikuwa dogo kabisa, la ndiyo au siyo: AF ni Midway, au ni mahali pengine? Ilipita miaka arobaini kabla ya mambo hayo matatu kuandikwa kwa lugha ya hisabati, na maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa IND-CPA, yaani kutotofautishika mbele ya shambulio la ujumbe wa kuchagua. Katika darasa la uzamili fasili hii huandikwa ubaoni kwa mistari michache, ikaonekana kama mchezo uliobuniwa na watu wasiowahi kuona vita wala mtandao. Hoja ya makala haya ni kinyume chake: kila sharti lililomo katika fasili hiyo linaziba mlango ambao mtu halisi aliwahi kuupitia, na sharti moja likiondolewa, mlango wake hufunguka tena.

Jaribio la kwanza kubwa la kusema siri ni nini halikuwa la mchezo. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1949, alipendekeza kipimo kizuri sana: mfumo una usiri kamili ikiwa adui akishaiona simbo habaki na ujuzi wowote wa ujumbe zaidi ya ule aliokuwa nao kabla ya kuiona. Kama alidhani ujumbe ni "shambulia" kwa uwezekano wa asilimia 30, basi baada ya kuiona simbo bado atadhani hivyo hivyo, asilimia 30, hata awe na muda na mashine zisizo na kikomo. Shannon alithibitisha pia bei yake: ufunguo usio na mpangilio lazima uwe na wingi usiopungua ule wa jumbe zote utakazozilinda. Anayetaka kutuma gigabaiti moja lazima kwanza akabidhi kwa mkono gigabaiti moja ya ufunguo. Kwa hiyo watu walibaki na njia mbili tu: usiri kamili usiotumika kwa urahisi, au mifumo inayotumika ambayo hakuna aliyeweza kusema kwa usahihi inalinda nini. Mfumo ulihesabiwa kuwa salama mpaka pale mtu alipouvunja.

Hali hiyo ilivurugwa na usimbaji wa ufunguo wa wazi. Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza wazo lake mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakabuni mfumo uliochukua herufi za majina yao, RSA. Sasa ufunguo wa kusimba unatangazwa hadharani, na yeyote anaweza kusimba ujumbe wowote autakao. Yale ambayo Rochefort na Holmes waliyapata kwa hila, kila adui sasa anapewa bure. Madhara yake yanaonekana mara moja. Chukua RSA kama inavyofundishwa katika ukurasa wa kwanza: ujumbe m husimbwa kuwa salio la m^e ukigawanya kwa n. Hesabu hii haina bahati nasibu ndani yake, hivyo ujumbe uleule hutoa simbo ileile siku zote. Mjumbe wa kamati akituma kura yake kwa simbo, na kura ni "ndiyo" au "hapana" tu, adui hahitaji kutafuta vigawo vya n. Anasimba "ndiyo" mwenyewe kwa ufunguo wa wazi, anasimba "hapana", kisha anatazama ipi inafanana na ile aliyoinasa. Kutafuta vigawo vya n ni kazi ngumu kweli, na RSA inaegemea ugumu huo; lakini ugumu huo hauigusi kura hata kidogo.

Jambo la hila zaidi lilijitokeza mwaka 1979 katika swali linaloonekana la mchezo tu. Shamir, Rivest na Adleman waliuliza kama watu wawili wanaweza kucheza karata kwa simu bila mwamuzi na bila kuaminiana. Jibu lao lilikuwa kusimba kila karata kwa kuipandisha kipeo cha siri na kuchukua salio kwa namba tasa kubwa p inayojulikana na wote. Kwa kuwa vipeo vinaweza kupandishwa kwa mpangilio wowote na matokeo yakawa yaleyale, wachezaji wanaweza kuchanganya na kugawa karata zilizofungwa. Kuipata karata kutoka katika simbo yake bila kujua kipeo kunaonekana kuwa kugumu sana. Lakini Richard Lipton aligundua kwamba adui hahitaji kuipata karata ili anufaike.

Tutumie namba ndogo tuone alichokiona. Chukua p = 23. Namba fulani huitwa salio la mraba kama ipo namba ambayo mraba wake ukigawanywa kwa 23 huiacha yenyewe. Masalio hayo ni 1, 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12, 13, 16 na 18. Nusu nyingine ya namba, kama 5, 7 na 10, si masalio ya mraba. Kipeo cha siri lazima kisiwe na kigawo cha pamoja na 22 zaidi ya 1, la sivyo karata haiwezi kufunguliwa, na kwa hiyo lazima kiwe namba witiri. Sasa kipeo witiri hakibadilishi kundi la namba: salio la mraba hubaki salio la mraba, na lisilo salio hubaki hivyo. Kwa kipeo cha 3, karata ya 4 inakuwa 64, yaani 18, ambayo imo katika orodha yetu. Karata ya 5 inakuwa 125, yaani 10, ambayo haimo. Kupima namba iko kundi gani ni hesabu nyepesi hata kwa p yenye mamia ya tarakimu. Kwa hiyo mchezaji anayejua kwamba, kwa mfano, ree zote nne zimeandikwa kwa namba zilizo masalio ya mraba, anaitazama simbo na kuondoa nusu ya mashaka yake. Simbo haijavunjwa kwa maana ya zamani ya neno hilo, maana hakuna karata iliyofunuliwa. Kilichovuja ni biti moja, na katika karata biti moja huamua nani anaondoka na fedha.

Swali la namna ya kuzuia uvujaji kama huo liliwakuta wanafunzi wawili wa uzamili wa chuo kikuu cha Kalifornia huko Berkeley, Shafi Goldwasser na Silvio Micali. Mtu anaweza kuziba tundu la Lipton kwa kuandika karata zote kwa namba zilizo masalio ya mraba. Lakini je, tundu la pili, la tatu, la mia? Goldwasser na Micali waliona kuwa kuziba matundu moja moja si kazi yenye mwisho, na kwamba kilichokosekana ni maelezo ya nini maana ya kutokuwepo tundu lolote. Mwaka 1982 walitoa makala, ikachapishwa kwa ukamilifu mwaka 1984, iliyokuwa na fasili mbili. Ya kwanza ilikuwa wazo la Shannon lililoshushwa kutoka kwa adui asiye na kikomo hadi kwa adui mwenye muda wa kawaida wa kompyuta: lolote analoweza kulihesabu kuhusu ujumbe akiwa na simbo, aweze kulihesabu karibu sawa bila simbo. Hii iliitwa usalama wa maana. Ya pili ilikuwa ya kutotofautishika: adui mwenyewe achague jumbe mbili, asimbiwe moja, ashindwe kusema ni ipi kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Fasili ya kwanza inasema tunachokitaka. Ya pili ni rahisi kuithibitisha kwa hesabu. Kisha ikathibitishwa kwamba mfumo unaotimiza moja unatimiza na nyingine, na hapo ndipo nguvu ya jambo hili ilipo. Mchezo wa jumbe mbili unaonekana mwembamba, kumbe unabeba kila kipande cha habari kinachoweza kuvuja, kikiwemo kile cha Lipton.

Fasili hiyo ilidai jambo ambalo wahandisi wa wakati ule hawakulizoea: usimbaji lazima uwe na nasibu. Kama ujumbe mmoja una simbo moja tu, adui wa ufunguo wa wazi husimba mwenyewe na kulinganisha, kama tulivyoona kwa kura. Kwa hiyo Goldwasser na Micali walibuni mfumo ambamo kila biti ina simbo nyingi sana. Mwenye ufunguo huchagua namba tasa mbili za siri na kutangaza zao lao n, pamoja na namba y ambayo si salio la mraba kwa tasa yoyote kati ya hizo mbili. Anayetaka kusimba biti 0 huchagua x kwa nasibu na kutuma salio la x². Anayetaka kusimba 1 hutuma salio la y·x². Kwa mfano mdogo, tasa 7 na 11 zinatoa n = 77, na y inaweza kuwa 6. Biti 0 ikisimbwa kwa x = 2 inatoa 4, kwa x = 5 inatoa 25, kwa x = 10 inatoa 23. Biti 1 kwa x hizohizo inatoa 24, 73 na 61. Anayejua 7 na 11 huichukua 61, anaigawanya kwa 7, anapata salio 5 ambalo si la mraba, na anajua ni 1. Asiyezijua tasa, namba zikiwa kubwa, hana njia inayojulikana ya kutofautisha makundi hayo mawili. Udhaifu uleule ulioharibu mchezo wa karata ulichukuliwa ukageuzwa kuwa msingi: kwa tasa moja inayojulikana swali la salio la mraba ni jepesi, kwa zao la tasa mbili za siri ni zito. Gharama ilikuwa kubwa, kwa kuwa biti moja inakuwa namba yenye urefu wa n nzima, na hakuna aliyeutumia mfumo huo kutuma barua zake. Lakini ulithibitisha kwamba fasili inaweza kutimizwa.

Zamu ya ufunguo wa siri unaoshirikiwa, yaani ule unaobeba karibu data zote za mtandao, ilikuja kikamilifu mwaka 1997 katika makala ya Mihir Bellare, Anand Desai, Eron Jokipii na Phillip Rogaway. Hapa adui hana ufunguo wa wazi wa kujisimbia, kwa hiyo uwezo wa kuchagua lazima uandikwe ndani ya mchezo. Mwamuzi huchagua ufunguo K na biti b kwa nasibu, akazificha. Adui humletea jozi za jumbe, kila jozi ikiwa na jumbe mbili za urefu sawa, na kwa kila jozi mwamuzi humrudishia simbo ya ujumbe wa kushoto ikiwa b ni 0, au wa kulia ikiwa b ni 1. Adui anaweza kuuliza mara nyingi, akitunga kila swali baada ya kuona majibu yaliyotangulia. Mwishoni anataja b', na faida yake hupimwa hivi:

```
Adv = | 2·Pr[b' = b] − 1 |
```

Anayebahatisha ana faida 0. Anayejua kwa hakika ana faida 1. Mfumo ni salama ikiwa kila adui mwenye muda na maswali ya kiasi fulani ana faida iliyo karibu sana na 0. Soma masharti hayo ukiikumbuka Midway: adui anachagua, adui analinganisha, swali lake ni la biti moja. Na mfumo usio na nasibu, usiobadilika kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine, unaanguka kwa maswali mawili: kwanza jozi (A, A), kisha jozi (A, B). Simbo zikifanana, b ni 0. Zikitofautiana, b ni 1. Kwa swali la kwanza adui anapata sura ya A, kwa la pili anaulizia kama A imerudi. Hivyo ndivyo AF ilivyotambuliwa.

Thamani ya kuwa na fasili namna hii inaonekana vizuri kuliko kwingine katika kisa cha itifaki ya TLS, inayolinda mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Katika matoleo yake ya awali data ziliweza kusimbwa kwa vitalu, na kwa AES kitalu kimoja ni baiti 16. Ili vitalu vinavyofanana visitoe simbo zinazofanana, ulitumika mtindo wa mnyororo uitwao CBC: kila kitalu hujumlishwa kwanza na simbo ya kitalu kilichotangulia, na cha kwanza hujumlishwa na thamani ya kuanzia, IV. Alama ⊕ ni kujumlisha biti kwa biti bila kubeba, ambako kitu kikijumlishwa na chenyewe hufutika.

```
C1 = E_K(M1 ⊕ IV)
C2 = E_K(M2 ⊕ C1)
```

Makala ya 1997 ilithibitisha kwamba CBC inatimiza fasili, kwa sharti kwamba IV ya kila ujumbe ichaguliwe kwa nasibu wakati wa kusimba, baada ya ujumbe kuwa umetajwa. Toleo TLS 1.0 la mwaka 1999, likifuata SSL iliyolitangulia, lilibana matumizi hapo: ujumbe mpya ulichukua simbo ya mwisho ya ujumbe uliopita iwe IV yake. Kwa macho ya kawaida hakuna kosa. Simbo hiyo inaonekana ya nasibu, haijirudii, na inaokoa baiti 16 kwa kila ujumbe. Lakini imekwisha kupita hewani, na adui anaijua kabla hajatunga swali lake linalofuata.

Tuicheze. Swali la kwanza ni jozi (A, B), kila mmoja ukiwa kitalu kimoja na tofauti na mwenzake. Adui anaijua IV iliyotumika, na anapokea C1, ambayo ni simbo ya A au ya B. Anajua pia kwamba IV ya ujumbe ujao ni C1 yenyewe. Basi anatunga D na kuuliza jozi (D, D):

```
D  = C1 ⊕ IV ⊕ A
C2 = E_K(D ⊕ C1) = E_K(IV ⊕ A)
```

C1 imejifuta. Kilichobaki ndani ya mabano ni kile hasa kilichosimbwa mwanzoni ikiwa b ni 0. Kwa hiyo C2 ikiwa sawa na C1, b ni 0. Isipokuwa sawa, b ni 1. Faida ni 1 kamili, bila kugusa AES. Mwanafunzi anayeijua fasili hahitaji zaidi ya nusu ukurasa kuliona hili, na kweli lilionwa mapema: Rogaway alionya mwaka 1995 kuhusu IV zinazotabirika katika mapendekezo ya kusimba mawasiliano ya mtandao, na mwaka 2004 Gregory Bard akalielekeza onyo hilo wazi kwa SSL. TLS 1.1 ya mwaka 2006 ilirekebisha kwa kuweka IV mpya ya nasibu katika kila ujumbe. Hata hivyo vivinjari na seva nyingi ziliendelea kutumia 1.0.

Pingamizi lililozichelewesha halikuwa la kipuuzi, na linastahili kuelezwa kwa haki. Lilisema hivi: katika mchezo wa karatasi adui huchagua ujumbe, lakini katika maisha adui wa mtandaoni husikiliza tu; mwenye kivinjari haandiki anayoambiwa na mwizi. Zaidi ya hayo, adui wetu amekisia kitalu kizima cha baiti 16, na siri ya nasibu ya ukubwa huo ina uwezekano wa idadi yenye tarakimu 39. Kujaribu dhana moja moja ni kazi isiyokwisha. Jibu lilikuja Septemba 2011, katika mkutano wa usalama huko Buenos Aires, ambako Thai Duong na Juliano Rizzo walionyesha shambulio walilolipa jina BEAST. Kivinjari ndicho kitu kinachoandika yale kinayoambiwa na mtu mwingine: ukurasa wa adui uliofunguliwa pembeni huweza kukifanya kitume maombi kwa tovuti nyingine, na kivinjari chenyewe huambatanisha kuki ya siri inayomtambulisha mtumiaji. Adui huchagua urefu wa anwani anayoiomba, na kwa kuurekebisha anaisogeza kuki hadi kitalu kimoja kiwe na baiti 15 anazozijua na baiti moja tu ya siri. Sasa A ina uwezekano 256, si zaidi. Akiipata baiti hiyo anapunguza anwani kwa herufi moja, baiti ya pili inaingia katika kitalu, na kazi inaanza upya. Kuki ya baiti 16 inahitaji dhana 4,096 kwa wingi wake wote. Kilichoonekana hakiwezekani kilikuwa kimegawanywa vipande vidogo vinavyowezekana, na kila kipande kilikuwa ni ule mchezo wa maswali mawili. Watengenezaji wa vivinjari walilazimika kuweka kiraka cha haraka: kutanguliza baiti moja ya ujumbe katika pakiti yake yenyewe, ili simbo inayotoka humo iwe IV ambayo adui hakuweza kuijua alipotunga swali.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Kosa la TLS 1.0 lilikuwa la kuamua wenyewe jinsi mwerevu atakavyokuwa. Mwaka 1999 ilikuwa vigumu kuona kwamba kivinjari kitakuja kuwa mashine inayoendesha programu za wageni kumi kwa wakati mmoja. Fasili nayo haikujua, na haikuhitaji kujua. Haikuuliza adui atapata wapi uwezo wa kuchagua ujumbe. Ilimpa uwezo huo moja kwa moja, ikataka mfumo usimame hata hivyo. Ndiyo maana hoja ya kwamba mchezo unampa adui kupita kiasi haina uzito inaoonekana kuwa nao. Ukali huo ndio unaoifanya fasili idumu wakati matumizi yanabadilika, na mwaka 1942 tayari ulikuwa umeonyesha kwamba uwezo wa kuchagua hupatikana hata na adui aliye maelfu ya kilomita mbali.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kwamba uthibitisho ni wa hisabati na hauzuii kitu, maana mifumo iliyothibitishwa nayo huvunjwa. Hapa lazima tuangalie uthibitisho unasema nini. Uthibitisho wa CBC wa mwaka 1997 hausemi faida ni 0. Unatoa kikomo kinachokua kwa mraba wa idadi ya vitalu vilivyosimbwa, kikigawanywa kwa 2 kipeo urefu wa kitalu. Kwa vitalu vya biti 64, kama vya 3DES, kikomo kinapoteza maana karibu na vitalu 2^32, ambavyo ni takriban gigabaiti 34. Baada ya hapo simbo mbili zinatarajiwa kugongana, na mgongano hufichua tofauti kati ya vitalu viwili vya ujumbe. Mwaka 2016 Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent waliufanya mgongano huo kuwa shambulio halisi, Sweet32, wakaichota kuki kwa kunasa gigabaiti 785 hivi. Uthibitisho haukukanushwa na tukio hilo. Ulikuwa umetaja kiasi tangu mwanzo, na walioumia ni wale waliosoma neno "salama" bila kusoma namba iliyoandikwa kando yake.

Pingamizi la tatu ndilo lenye ukweli mwingi zaidi: IND-CPA haitoshi. Daniel Bleichenbacher alionyesha mwaka 1998 kwamba seva inayomwambia mtumaji kama simbo yake ilikuwa na umbo sahihi au la inaweza kugeuzwa kuwa mashine ya kusimbulia, na mchezo wetu haumpi adui swali lolote la kusimbua. Ile kanuni ya urefu sawa nayo ni ungamo la wazi: fasili haifichi urefu. Mwaka 2012 Duong na Rizzo walirudi na CRIME, wakitumia ukweli kwamba data zikibanwa kabla ya kusimbwa, dhana sahihi ya herufi ya kuki hufupisha simbo. Adui alichagua ujumbe kama kawaida, lakini alichokipima kilikuwa urefu. Je, hilo linaiangusha hoja yetu? Nadhani linaithibitisha. Mashambulio yote mawili yanaingia mahali ambapo fasili yenyewe imeandika kwamba haiahidi kitu: moja katika swali ambalo adui hakuruhusiwa kuuliza, jingine katika sharti ambalo jozi zililazimishwa kulitimiza. Kabla ya 1982 mtu aliyevunja mfumo hakuweza hata kusema ni ahadi ipi iliyovunjwa. Baadaye aliweza kuonyesha mstari wenyewe, na fasili zilizofuata, zinazompa adui swali la kusimbua pia, zilijengwa kwa kuongeza mstari huo.

Kwa hiyo fasili hii isisomwe ubaoni kama tamko la kukaririwa. Iondolee nasibu, na kura ya kamati inasomeka. Mkubalie adui kuijua IV kabla ya kutunga swali, na kuki inatoka baiti kwa baiti. Mnyime haki ya kuchagua ujumbe, na umeondoa katika hesabu kitu alichokifanya Holmes kwa tangazo moja la redio kuhusu maji. Kati ya onyo la Rogaway na onyesho la Buenos Aires ilipita miaka 16, na katika miaka hiyo yote jibu lilikuwa tayari limeandikwa, likimngoja mtu wa kuuchukua mchezo kwa uzito, akae upande wa adui na kuuliza maswali mawili.